Fangasi wa vidoleni waliorudi mara tatu: kisa cha mlinzi wa usiku

Alipovua buti alisogeza kiti nyuma kwanza, ndipo akavua soksi. "Samahani daktari, miguu inanuka," akasema, huku akiitazama sakafu. Nilimwomba asogee karibu, kwa sababu harufu ya mguu ni sehemu ya uchunguzi. Ile ilikuwa nzito na chachu kidogo, harufu ya ngozi iliyolowa muda mrefu ndani ya kiatu.

Ni mwanamume wa miaka 43, mlinzi wa zamu ya usiku, anayesimama na kutembea kwa saa 12 akiwa amevaa buti za ngozi. Hana kisukari, nilimpima sukari siku hiyohiyo ili nisikisie. Kwa miezi 11 alikuwa akiwashwa kati ya vidole vya mguu wa kulia, na baadaye wa kushoto pia. Ngozi inalowa, inageuka nyeupe, inabanduka, kisha inapasuka. Alikuwa ametibiwa mara tatu kwa tyubu tatu tofauti, na kila mara tatizo likarudi. Alishaanza kuamini kwamba ana ugonjwa wa damu.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu tyubu zile tatu zilishindwa kwa sababu tatu tofauti, na nimeziona sababu hizohizo kwa wagonjwa wengi.

Tyubu ya kwanza ilikuwa ya klotrimazoli ya asilimia 1. Ni dawa nzuri na ilikuwa dawa sahihi. Aliipaka kwa siku 6, mwasho ukaisha, akaiweka kabatini. Wiki 3 baadaye mwasho ukarudi palepale. Hapa inafaa kuelewa fangasi hawa wanaishi wapi. Wanakula keratini, protini iliyojaa kwenye ile ngozi ya juu kabisa ambayo tayari imekufa, na hukaa humo bila kushuka kwenye nyama hai. Mwasho hauletwi na fangasi kutafuna. Unaletwa na mwili unapopambana nao. Dawa ikipunguza idadi yao, mwili unatulia na mwasho unakoma siku chache tu baadaye, ilhali ndani ya magamba ya ngozi bado wamebaki wa kutosha kuanza upya. Ngozi hiyo ya juu huchukua takribani mwezi kujibadilisha yote. Ndiyo maana klotrimazoli hupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 4, hata kama wiki 3 kati ya hizo mgonjwa hahisi chochote. Huyu bwana alijitibu mwasho, ugonjwa akauacha.

Tyubu ya pili ilikuwa ya nistatini. Aliipaka kwa uaminifu kwa mwezi mzima na haikumsaidia hata kidogo, jambo lililomkatisha tamaa kuliko yote. Nistatini huua kandida, yule fangasi wa utando mweupe mdomoni mwa watoto na wa sehemu za siri. Fangasi wa kati ya vidole vya miguu mara nyingi ni wa kundi jingine, linaloitwa dematofaiti, na nistatini haiwagusi. Neno "fangasi" limeandikwa kwenye maboksi yote mawili, basi mtu anadhani ni mamoja.

Tyubu ya tatu alipewa na mwenzake kazini kama "dawa kali". Nilimwomba anionyeshe, nikasoma ubavuni: ndani yake kulikuwa na dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na betamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi huzima mwasho na wekundu ndani ya siku 2, na mgonjwa huiona kama muujiza. Lakini inazima kwa kuulaza ule ulinzi wa mwili uliokuwa unawazuia fangasi wasisambae. Ukiipaka siku mbili tatu kila mwasho unaporudi, kama alivyofanya kwa miezi 4, fangasi hutambaa kimyakimya wakati juu panaonekana shwari. Isitoshe, ngozi ya kati ya vidole ni laini na imebanwa, hivyo steroidi hupenya zaidi na kuifanya nyembamba. Mpasuko wake ulikuwa hauzibi kwa sababu hiyo pia.

Sasa niseme nilichokiona. Mwanya ulioumia zaidi ulikuwa kati ya kidole cha nne na kidole kidogo, miguu yote miwili. Ndiko ugonjwa huu huanzia kwa watu wengi, maana ndiyo sehemu finyu kuliko zote na hewa haipiti. Ngozi humo ilikuwa nyeupe, laini kama iliyokaa majini, inatoka kwa kuguswa, na chini yake nyekundu. Mguu wa kulia ulikuwa na mpasuko wa karibu sentimita 1. Kisha nikageuza nyayo. Pembeni na chini palikuwa na ukavu kama unga mweupe ulioingia kwenye mistari ya ngozi. Yeye aliudhani ni ukavu wa kawaida na alikuwa akiupaka mafuta. Ule unga ni fangasi walewale, katika sura isiyowasha. Ukitibu mwanya peke yake ukauacha unyayo, umeacha mlango wazi. Ukucha wa kidole kidogo cha kulia nao ulikuwa mnene na wa manjano.

Kabla ya kuandika dawa nilijiuliza kama huenda si fangasi. Mambo mawili hufanana na hili sana. La kwanza ni bakteria wanaopenda mikunjo yenye joto: huacha mwanya ukiwa na rangi ya kahawia au wekundu uliofifia, wenye magamba, na mara nyingi hauwashi sana. Chini ya taa maalumu ya urujuanimno mahali hapo hung'aa rangi nyekundu kama ya matumbawe, ilhali fangasi wa vidoleni kwa kawaida hawang'ai hivyo. La pili ni unyayo wenye vishimo vidogovidogo kama uliotobolewa kwa pini, wenye harufu kali kuliko hii. Nao ni bakteria, na huhitaji dawa nyingine. Chini ya taa mianya yake haikung'aa, na vishimo havikuwapo.

Nikakwangua magamba kwa ajili ya hadubini. Sikuchukua ile ngozi nyeupe iliyolowa, kwa maana humo bakteria na uchafu huficha kila kitu. Nilichukua kwenye ukingo mkavu, pale ngozi nzuri inapokutana na mbovu, na pia kwenye unga wa unyayo. Magamba yakatonewa potasiamu haidroksaidi ili seli za ngozi ziyeyuke. Zilibaki nyuzi za fangasi, ndefu zenye matawi, tele. Wingi huo haukunishangaza baada ya miezi 4 ya steroidi. Nilikata pia kipande cha ukucha kipelekwe maabara.

Kilichobaki kilikuwa swali la maji. Nilimwomba anieleze usiku wake mmoja tangu anapotoka nyumbani, nami nikanyamaza. Anaoga jioni, anajifuta haraka, anavaa soksi. Soksi jozi mbili, moja juu ya nyingine, "ili zifyonze jasho". Anavaa buti zilezile alizovua asubuhi. Hazivui hadi alfajiri. Siku ya mvua hukaa na buti zilizolowa zamu nzima.

Hapo ndipo penye nusu ya ugonjwa. Jozi mbili za soksi zinabana vidole zaidi na kuongeza joto; jasho linafyonzwa, ndiyo, lakini linabaki pembeni ya ngozi usiku kucha. Buti ya ngozi iliyolowa kwa saa 12 haikauki kwa saa 12 nyingine ikiwa imefungwa kamba na kusukumwa chini ya kitanda. Hivyo kila jioni alikuwa akiuingiza mguu kwenye unyevu wa jana. Krimu yoyote ingeshindwa.

Tulianza kwa kukausha, kabla hata ya dawa ya fangasi, kwa sababu krimu ikipakwa juu ya ngozi iliyolowa chepechepe huongeza unyevu tu. Kwa siku 3 alilowesha miguu kwenye maji ya pamanganeti ya potasiamu, dakika 10 hadi 15, mara moja kwa siku: kidonge 1 cha miligramu 400 kwenye lita 4 za maji, kikayeyuka chote, rangi ikawa ya waridi iliyopauka. Ikiwa zambarau nzito ni kali mno na itaunguza. Dawa hiyo ni sumu ikimezwa na inachafua kucha na beseni, kwa hiyo nilimwambia aiweke mbali na watoto. Nilimkataza kuchuna ile ngozi nyeupe. Ikikauka hutoka yenyewe. Nilimkataza pia siki, ambayo alikuwa ameanza kuimwaga kwenye mpasuko. Asidi juu ya jeraha huunguza na kuufungulia bakteria njia.

Kwa fangasi nilichagua terbinafini ya asilimia 1, krimu tupu isiyochanganywa na kitu. Tofauti na klotrimazoli, ambayo hasa huwazuia wasikue, terbinafini huwaua dematofaiti, kisha hubaki ndani ya ngozi ya juu siku kadhaa baada ya kuacha kupaka. Kwa mwanya peke yake ingetosha wiki 1, mara 2 kwa siku. Yeye, kwa sababu ya nyayo, nilimpa wiki 2. Na kwa mtu aliyeonyesha kuwa huacha dawa mwasho ukikoma, dozi fupi ni faida ya kweli. Mtu asiye na terbinafini atapona kwa klotrimazoli au mikonazoli, mradi azipake wiki 4 kamili.

Namna ya kupaka niliionyesha kwa mkono wangu, kwa kuwa maneno "paka mara mbili kwa siku" hayatoshi. Unaosha miguu, unakausha kila mwanya kwa kupitisha kitambaa safi kati ya vidole, halafu unakaa dakika 10 miguu ikiwa wazi. Kisha krimu kidogo, safu nyembamba, kwenye mianya yote minne ya kila mguu, hata iliyo mizima, na unyayo mzima hadi pembeni. Unasugua taratibu mpaka isionekane. Ukiona bado kuna uji mweupe kati ya vidole, umezidisha, na uji huo utaulowesha mwanya kama jasho. Ukimaliza, osha mikono.

Kwa upande wa buti tulikubaliana mambo ambayo angeyaweza. Soksi jozi moja, si mbili, na jozi nyingine kavu mfukoni. Saa 6 usiku, wakati wa mapumziko, anavua, anafuta mianya kwa kitambaa kikavu, anakaa dakika chache bila viatu, anavaa zile kavu. Akipata buti za pili, azipishanishe siku kwa siku ili kila jozi ipate angalau saa 24 za kukauka. Hakuwa nazo wakati ule. Basi kila asubuhi alegeze kamba zote, avute ulimi wa buti mbele, achomoe ile soli laini ya ndani aianike peke yake, na aweke buti mahali penye upepo. Zikiwa zimelowa, ajaze karatasi kavu ndani na kuzibadilisha baada ya saa chache. Soksi zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 pale kitambaa kinaporuhusu, kwa sababu maji ya baridi hayawaui fangasi. Unga wa kuzuia fangasi anyunyize ndani ya soksi na buti. Kwenye mwanya uliolowa asiuweke, maana huko huganda kama tope. Na kwa kuwa kidole chake kidogo kimelala juu ya cha nne, alipokuwa nyumbani alipitisha kipande chembamba cha shashi kavu kati yake, akibadilisha kila kinapolowa.

Siku ya tano alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha amua. "Daktari, dawa yako inanichoma, mwasho umerudi kuliko mwanzo. Nirudie ile tyubu yangu?"

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu aliyepaka steroidi kwa miezi kisha akaiacha, mwili wake huamka. Wekundu na mwasho hupanda kwa siku kadhaa, na anayeangalia anadhani dawa mpya ndiyo mbaya. Lakini sikuweza kudhani hivyo tu kwa simu, kwa sababu mambo mengine mawili huanza vivyo hivyo. Nilimuuliza kama wekundu na malengelenge vimetokea kila mahali krimu ilipogusa, hata kwenye ngozi iliyokuwa nzima. Hiyo ingekuwa ngozi kuikataa dawa. Hapana, ni mianyani tu. Nikamuuliza kama maumivu yamezidi mwasho, kama mguu umevimba, una joto, wekundu unapanda juu ya mguu, kuna usaha au homa. Hizo ni dalili za bakteria kuingia chini ya ngozi kupitia mpasuko, na mtu mwenye hizo hasubiri kesho. Anahitaji kuonwa siku hiyo na kupewa antibiotiki. Mwenye kisukari, au aliye na ganzi au mzunguko hafifu wa damu miguuni, namwambia aje mapema zaidi, hata kwa mpasuko mdogo. Yeye hakuwa na lolote kati ya hayo. Nilimwomba aje anionyeshe asubuhi, nikaona mianya mikavu zaidi, myekundu, mpasuko umeanza kuziba. Nikampa vitambaa vya maji baridi vya kukandia na kidonge cha kupunguza mwasho usiku, nikamwomba anikabidhi ile tyubu ya tatu. Alinipa. Siku ya tisa mwasho ulikuwa umeshuka.

Kosa langu katika kisa hiki ni kwamba sikuuliza juu ya nyumbani hadi alipokuja wiki ya pili. Ngozi ilikuwa nzuri, harufu imekwisha, mpasuko umefunga. Nilipomuuliza nani mwingine anatumia taulo lake, alisema yeye na mke wake wanatumia moja. Mke wake alikuja kesho yake, akasema hana tatizo lolote, hawashwi. Unyayo wake wa kushoto ulikuwa na unga uleule mweupe kwenye mistari. Nilimkwangua, hadubini ikaonyesha nyuzi. Naye alipaka wiki 2, kila mmoja akapata taulo lake, na wakaanza kuvaa kandambili bafuni, kila mtu zake. Ningemuuliza siku ya kwanza, wangeanza dawa pamoja. Nilimweleza mume pia avae soksi kabla ya nguo ya ndani, kwa kuwa nguo inayoburuzwa juu ya vidole vyenye fangasi huwapeleka kinenani.

Majibu ya ukucha yalirudi: fangasi. Krimu haiwezi kuupenya ukucha mnene, na ukucha wenye fangasi ni ghala linalomwaga mbegu zao kwenye mwanya jirani kila siku. Tiba yake ni terbinafini ya kumeza, miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12, ikiandikwa na daktari, baada ya kupima ini na kuangalia dawa nyingine ambazo mgonjwa anameza. Ini lake lilikuwa salama, akaianza. Nilimweleza mapema kwamba wiki 12 zikiisha ukucha bado utaonekana mbovu, kwa sababu dawa haiukarabati ukucha wa zamani. Inalinda ule mpya unaoota, na ukucha wa mguu huchukua mwaka 1 hadi mwaka na nusu kuota wote.

Nilimwona tena mwezi wa nne. Mianya yote minane ilikuwa mikavu, na ule wa kulia umebaki na mstari mwembamba wa rangi iliyopauka palipokuwa na mpasuko. Nyayo hazina unga. Ukucha wa kidole kidogo ulikuwa safi kwa karibu theluthi moja kutoka kwenye shina, na juu yake manjano ya zamani yakisukumwa mbele. Amenunua buti za pili. Hadi ukucha uote wote, anapaka terbinafini mianyani mara mbili kwa wiki, na soksi za saa 6 usiku bado ziko mfukoni.